Eksirei ya mama imeandikwa "suggestive of PTB, likely old", halafu "clinical correlation advised". Nisaidieni kuisoma

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie kusoma karatasi moja, maana tangu jana jioni sijapata usingizi.

Mama yangu ana miaka 61. Huu ni mwezi wa tatu anakohoa, kikohozi kikavu, na usiku ndiyo kinamsumbua zaidi. Alipokwenda kliniki yake ya presha akamweleza daktari, akaandikiwa eksirei ya kifua. Majibu kapewa kwenye bahasha ampelekee daktari wiki ijayo. Bahasha nikaifungua mimi. Najua, najua, msinianze. Nimeyanakili kama yalivyo, nimeondoa jina tu:

```
CHEST X-RAY (PA VIEW)
Clinical info: Cough.
Findings: Fibrotic strands in the right upper zone with mild
upward pull of the right hilum. Small calcified nodule in the
same zone. No cavity. No pleural effusion. Heart size normal.
Visualised bones unremarkable.
Impression: Findings suggestive of PTB, likely old.
Activity cannot be excluded on a single film.
Clinical correlation and comparison with previous films advised.
```

"Unremarkable" nimeitafuta kwenye kamusi nikaambiwa ni kitu kisichostahili kutajwa. Sasa mifupa ya mama imekosa nini mpaka isistahili kutajwa? PTB nayo nimeitafuta, ni kifua kikuu cha mapafu. Kwa hiyo mama ana TB, au "suggestive" ni kwamba wanakisia tu? Na hiyo sentensi ya mwisho inamwambia nani afanye nini?

Nauliza kwa haraka kwa sababu mtoto wa dada yangu, miezi saba, analala chumba kimoja na bibi yake. Jana usiku nimemhamisha bila kusema sababu. Mama ameona, akanyamaza tu.

Kifaurongo

Pole mkuu, tulia. Mimi nimepigwa picha za hospitali kuliko bwana harusi, lugha yao naijua. "Unremarkable" ni safi, haina tatizo. "Suggestive of" ni nusu kwa nusu, yaani hata wao hawana uhakika. "Clinical correlation advised" ni kinga yao, kesho ikitokea kesi waseme si tulikuambia. Wanaibandika chini ya kila ripoti kama muhuri, achana nayo.

Ushauri wangu: TB si ya kuchezea. Usisubiri wiki ijayo, mpeleke aanze dozi.

Kiuno_Kimegoma

Afadhali uzi huu umekuja. Na mimi MRI yangu ya mgongo imeandikwa "disc bulge at L4/L5, clinical correlation advised". Kwa hiyo ni upasuaji au? Maana shemeji yangu anasema disk ikishatoka hairudi.

Chumba_cha_Giza

Mleta uzi, kazi yangu ni kuandika ripoti kama hiyo, ni mwaka wa kumi na kitu sasa. Picha yenyewe sijaiona, kwa hiyo nazungumzia maneno tu, mapafu ya mama siyasemei.

Kifaurongo neno la kwanza kalipata. Mengine nina ugomvi nayo kidogo.

"Unremarkable" kwa Kiswahili cha nyumbani ni "haina neno". Aliyeandika aliiangalia mifupa, hakuona cha kukisemea, akasonga mbele. Ni habari njema. Ila angalia lililotangulia, "visualised". Maana yake ni mifupa iliyoonekana kwenye picha hii, kwa namna ilivyopigwa. Eksirei ya kifua inapigwa ili mapafu yaonekane, mbavu zinaingia njiani tu, na ufa mwembamba wa ubavu unaweza kutoonekana kabisa. Kama mama angekuwa ameanguka na ubavu unamuuma, hilo "unremarkable" nisingelitegemea sana. Hakuanguka, basi mifupa tuiache.

Sasa soma tena mstari wa "Impression", polepole. Haujaishia kwenye PTB. Kuna mkato, kisha "likely old". Wewe umesimama kwenye mkato, na wengi husimama hapo hapo. Sentensi nzima inasema hivi: ninachokiona kinafanana na alama zinazoachwa na TB ya mapafu, na kwa jinsi zilivyo inaelekea ni za zamani.

Kwa nini aseme za zamani? Rudi juu kwenye "Findings", sababu zake kaziweka hapo. Kaona nyuzi za kovu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kaona shina la pafu limevutwa juu kidogo. Kovu likikauka hujikunja, na likijikunja huvuta vilivyo jirani, ndiyo maana shina limepanda. Kaona kijinundu chenye chokaa, na chokaa mwilini haijengeki kwa wiki mbili. Halafu kaandika vitu viwili ambavyo hakuviona, tundu ndani ya pafu na maji ya kifua. Unapoona "No" hii na "No" ile usidhani anajaza karatasi. Anakwambia alivitafuta akavikosa.

Ni kama mtu ana kovu mguuni. Kwa kuliangalia naweza kusema huyu aliwahi kuungua, na si jana. Lakini kama chini ya kovu leo kuna maumivu mapya, kwa macho siwezi kuapa. Hiyo ndiyo "activity cannot be excluded on a single film". Hajasema TB ipo hai. Amesema picha moja, ya siku moja, haina uwezo wa kuapa kwamba haipo.

Kuanza dozi kwa karatasi hii peke yake, hapana. Dawa za TB ni miezi sita kwa kawaida, na zina tabia zake kwenye ini. Hatumezeshi mtu kwa sababu ya mkato aliouruka msomaji.

Nina swali. Mama aliwahi kuugua TB? Na ana eksirei yoyote ya zamani, hata ya miaka ishirini nyuma?

Kiuno, yako nitairudia.

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Asante sana mkuu, hata pumzi imeshuka. TB hajawahi, tungejua. Picha za zamani sidhani kama zipo.

Mbona hukuelezea "clinical correlation"? Au ni kweli ni kinga tu?

NesiZamu

Mdogo wangu, kabla ya Kiingereza tuzungumze habari ya mtoto. Kumhamishia chumba kingine siku chache mpaka makohozi yapimwe si kosa. Kumhamisha kimyakimya ndiyo kosa. Mama yako si mgeni wa dunia, amekohoa miezi mitatu na leo mtoto kaondolewa kitandani, unadhani anawaza nini? Mwambie. Fungueni madirisha, na mpeleke akapime makohozi, huhitaji kungoja miadi ya wiki ijayo kwa hilo.

Tena sikiliza, wengi wanaharibu kipimo hapa. Mwenye kikohozi kikavu ukimpa kopo anakutemea mate, na mate hayatupi jibu lolote. Yanatakiwa yatoke chini kifuani, mazito. Asubuhi akiamka, kabla ya kula, asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo akohoe kwa nguvu. Yakikataa kabisa aseme pale pale, wengine huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ili yatoke. Asiwapelekee mate ili mradi kopo lisirudi tupu.

Na hili la "hajawahi, tungejua", muulize tena. Mkae wawili tu.

Dokta_wa_Zamu

Mimi ndiye ninayezipokea hizo ripoti, na leo niseme ukweli wangu. Kifaurongo hajakosea sana. Kuna wiki kila karatasi inayonijia ina "clinical correlation advised" chini yake. Natuma picha ya mkono uliovunjika, mfupa umekatika vipande viwili, mtoto wa chekechea anauona, na ripoti inaniambia nikalinganishe na mgonjwa. Nimlinganishe na nini? Mimi ndiye niliyekaa naye! Naona ni uvivu uliovalishwa tai.

Chumba_cha_Giza

Daktari, kwa mkono uliovunjika nakupa haki yako yote. Ule ni uvivu, na hata mimi saa kumi alfajiri nimewahi kuuandika.

Ila kuna kipimo kimoja cha kuutambua. Angalia kama sentensi ile ina kazi ya kufanya. Kwenye mfupa uliokatika haina. Kwenye ripoti ya huyu mama inayo, kwa sababu picha ile ile inaweza kuwa ya watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza alitibiwa TB zamani, amenenepa vizuri, anakohoa kwa sababu nyingine. Wa pili ana kovu hilo hilo, lakini amepungua kilo sita, usiku shuka inaloa jasho, jioni homa. Kwangu mimi nyuma ya kioo wote wana nyuzi zile zile upande wa kulia juu. Anayewatofautisha ni aliyewaona, na tofauti hiyo haipo kwenye eksirei hata ukiikodolea macho mpaka asubuhi.

Kwa hiyo, mleta uzi, sentensi haimwambii mama wala wewe. Inamwambia aliyeomba picha: nusu ya jibu hii hapa, nusu nyingine iko kwenye maelezo ya mgonjwa, mizani, kipimajoto na makohozi. Ziunganishe.

Sasa naomba wote muone mstari ambao hakuna aliyeuliza. "Clinical info: Cough." Neno moja. Ndilo alilopewa aliyesoma picha. Hakuambiwa umri wa kikohozi, kwamba ni kikavu, dawa anazotumia, aliugua nini nyuma. Mimi nikipokea fomu yenye neno moja, na kwenye picha naona kovu la TB, nitafanya nini? Nitaandika "suggestive of", nitaandika "cannot be excluded", nitakurudishia. Maneno ya tahadhari yanakuja yenyewe fomu ikiwa tupu. Daktari wa Zamu, hapo na nyie mna mzigo wenu.

Dokta_wa_Zamu

Napokea. Nikiwa na wagonjwa themanini nje naandika "Cough" nasonga. Sikatai.

Kifaurongo

Haya, ya dozi nimeyarudisha. Ila kwenye nusu kwa nusu sijashawishika. Kama "suggestive of" si hamsini kwa hamsini ni ngapi? Mbona hawaandiki namba tukaelewana?

Chumba_cha_Giza

Swali zuri, na jibu lake halitakufurahisha. Haina namba moja. Mimi nikiandika "suggestive of" nina maana inaelekea zaidi kuwa hivyo kuliko kutokuwa. Mwenzangu chumba cha pili huiandika akiwa karibu na uhakika. Wa tatu huiandika akiwa anabahatisha. Anayezisoma ripoti zetu kila siku hatimaye anatujua kwa mwandiko, mgonjwa hana njia ya kutujua.

Wapo waliojaribu kufunga maneno kwenye namba. Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani kule New York, waliweka ngazi tano: "consistent with" ni zaidi ya asilimia 90, "suspicious for" kama 75, "possible" kama 50, "less likely" kama 25, na "unlikely" chini ya 10. Utaona "suggestive of" haimo hata kwenye ngazi. Kwenye picha za matiti nako kuna BI-RADS, ambako namba inatangulia na kila namba ina hatua yake inayofuata. Kwa eksirei ya kifua ya kila siku, wengi wetu bado tunatumia maneno kwa mazoea.

Kwa hiyo usilipime neno peke yake, lipime na lililo jirani yake. "Suggestive of PTB, likely old" ina uzito tofauti na "highly suggestive of active PTB". Na "cannot be excluded" mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote ingawa ndiyo inayotisha wasomaji. Vitu visivyoweza kuondolewa kwa picha moja ni vingi mno.

Haya, Kiuno_Kimegoma. Disk iliyotuna ni jambo la kawaida hata kwa watu ambao hawajawahi kuumwa mgongo. Utafiti mmoja wa 2015 ulikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, na kwa wenye miaka 50 kama 60 katika kila 100 walikuwa na disk iliyotuna. Kwa hiyo "correlation" yako ni swali hili: je, maumivu yanashuka mguuni, upande gani, na je, ni upande ambao disk inagusa mshipa wa fahamu? Kama picha inasema kulia na wewe unaumwa kushoto, picha imeona mvi zako tu.

Kiuno_Kimegoma

Kwangu ni pande zote mbili na hakushuki mguuni. Kwa hiyo si upasuaji?

Chumba_cha_Giza

Hilo muulize aliyekushika mguu akaunyanyua. Mimi sijakushika.

Dawa_Mara_Tatu_Kwa_Siku

Nimepita nikasoma kimya, lakini kuna kitu kinaniwasha. Mleta uzi alisema kliniki ya presha. Mama anatumia dawa gani za presha? Soma jina kwenye boksi, usiniambie rangi ya kidonge.

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Zipo mbili. Moja amlodipine, ya siku nyingi. Nyingine enalapril, hii aliongezewa... ngoja nihesabu. Miezi minne na kitu iliyopita.

Subiri. Unamaanisha?

Dawa_Mara_Tatu_Kwa_Siku

Namaanisha asiiache leo kwa sababu mtu asiyemjua kasema kwenye mtandao. Presha ikipanda utakuja kunilaumu. Ila amwambie daktari wake kwa maneno haya haya: "Kikohozi kilianza baada ya kuongezewa enalapril." Dawa za jamii hiyo, zile zinazoishia na "-pril", zina kikohozi chao kinachojulikana, kikavu, kinawasha kooni kama unyoya umekwama. Kinaweza kuanza wiki kadhaa au hata miezi baada ya kidonge cha kwanza, kwa hiyo mtu hakihusishi na dawa. Ikibadilishwa, kwa kawaida kinaisha ndani ya wiki moja hadi nne, wengine kinachelewa mpaka miezi mitatu.

Sisemi ndiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Chumba_cha_Giza

Na hakuna eksirei duniani itakayoonyesha kidonge cha enalapril. Aliyeandika ripoti hakuwa na namna ya kulijua hilo. Aliyetakiwa kulijua ni anayeandika cheti cha dawa.

Lakini makohozi yapimwe hata hivyo. Dawa isiwe sababu ya kulisahau kovu.

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Samahani kwa ukimya.

Nilikaa na mama wawili tu kama alivyosema NesiZamu. Nilipomuuliza hakujibu. Akanyanyuka, akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa bahasha kubwa ya kaki iliyokunjwa katikati. Aliugua TB mwaka 1996, mimi nikiwa mdogo. Alitibiwa akamaliza dawa zote. Baba alijua, bibi alijua, basi. Watoto hatukuambiwa, na baadaye ikawa hakuna sababu ya kusema. Kliniki ya presha nako hawakuwahi kumuuliza, na yeye hakusema. Kwenye bahasha kulikuwa na eksirei ya mwaka 2009, alipigwa kwa ajili ya kazi. Kona moja ya juu imeshika unyevu, filamu imebabuka.

Aliniambia: "Ulipomchukua mtoto nilijua umesoma." Sikuwa na la kujibu.

Makohozi alitoa mara mbili. Ya kwanza wakakataa, ni mate. Ya pili ikabidi avutishwe mvuke. Kipimo cha mashine hakikuona TB, na sampuli nyingine ikaachwa ioteshwe, wakasema wiki sita. Uzito hajapungua, jasho la usiku hana. Enalapril daktari kaibadilisha, kampa losartan.

Ile picha ya 2009 daktari akairudisha radiolojia pamoja na mpya. Safari hii fomu aliiandika hivi, nimeipiga picha: "Dry cough 3/12, started after enalapril. PTB treated 1996. Sputum negative. Old film 2009 attached. Any change?" Na majibu yakaja mistari miwili:

```
Compared with film of 2009: right upper zone fibrosis,
no significant interval change. Appearances in keeping
with old healed PTB.
```

Nimeusoma mwenyewe bila kamusi.

Chumba_cha_Giza

Pongezi kwa huyo daktari kwa fomu. Mnaona ilivyobadilika? Ni mapafu yale yale ya siku ile, lakini "suggestive" imekuwa "in keeping with", "likely" imeondoka, na "clinical correlation" haipo tena kwa sababu kazi yake imeshafanyika. "No significant interval change" ndiyo niliyokuwa naiwinda tangu nilipouliza picha ya zamani. Kovu ambalo miezi sita halijabadilika tunaanza kuliamini, hili limekaa miaka mingi.

Dokta_wa_Zamu

Mimi naomba nitie doa kidogo. Ripoti ya kwanza ilitaja kijinundu chenye chokaa. Ya pili imetaja kovu tu. Kijinundu kimekwenda wapi? Mleta uzi kasema kona ya juu ya filamu imebabuka. Isije ikawa kilipo kijinundu ndipo palipobabuka, na mtu kalinganisha kilichoonekana tu.

Chumba_cha_Giza

Hilo ni jicho zuri, na sina jibu lake. Kama ni chokaa tupu sina wasiwasi nacho, hicho ni kaburi la TB ya zamani. Lakini "no significant interval change" inahusu kilicholinganishika. Ningekuwa mimi ningeandika wazi kwamba kona ya filamu haisomeki. Mleta uzi, kona iliyobabuka ni ya kulia kwa mama, au ya kulia kwako ukiishika filamu?

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Hata sijui inashikwaje. Ina herufi R upande mmoja.

Chumba_cha_Giza

Hiyo R ni kulia kwa mama. Doa liko upande wa R?

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Ndiyo. Upande wa R, juu kabisa.

Dokta_wa_Zamu

Basi mimi ningempiga nyingine baada ya miezi mitatu.

Chumba_cha_Giza

Mimi ningesubiri majibu ya makohozi yaliyooteshwa kwanza, halafu nione kikohozi kimefika wapi. Kijinundu kilichokwisha kuandikwa "calcified" si cha kukimbizana nacho. Hapo tutofautiane, ni sawa. Mleta uzi, mpelekee daktari wake swali hilo kama lilivyo: "Kijinundu cha ripoti ya kwanza kilionekana 2009?"

NesiZamu

Na kikohozi je?

Mwana_wa_Bi_Mkubwa

Hii ni wiki ya tano tangu dawa ibadilishwe. Mchana hakuna. Usiku bado mara moja moja, juzi nilikisikia nikahesabu, mara nne mpaka alfajiri. Majibu ya kuoteshwa yanatoka wiki ijayo. Mtoto tulimrudisha kwa bibi yake baada ya kipimo cha mashine, nesi wa pale ndiye aliyetuambia. Hilo swali la kijinundu nimelinakili, bahasha naibeba mimi safari hii, na sitaifungua njiani.

Kiuno_Kimegoma

Wakuu, jana daktari kaninyanyua mguu. Kasema niendelee na mazoezi, hakuna kisu. Ila kaandika "review in 6 weeks". Hiyo nayo ina maana gani?